Umri wako kwa asiransi: nusu mwaka inayokulipisha bila kuambiwa

Kwetu Butembo na Beni, mtu akikuuliza una miaka ngapi, unamupa miaka ile uliyotimiza. Mwenye kutimiza 41 ataendelea kusema 41 mpaka siku ya kuzaliwa kwake irudi tena. Hakuna anayesema 42 kwa sababu tu mwaka umefika katikati. Lakini kuna makampuni ya bima ya maisha, ile tunayoita asiransi, ambayo yanahesabu hivyo, na pesa unayolipa inafuata hesabu yao, si ile yako.

Hesabu hiyo inaitwa umri wa siku ya kuzaliwa iliyo karibu zaidi. Kampuni inaangalia siku ambayo mkataba unaanza, kisha inauliza: siku gani ya kuzaliwa iko karibu, ile iliyopita ao ile inayokuja? Kama miezi sita haijapita, unabaki na umri uliotimiza. Kama imepita, unaongezewa mwaka mmoja. Makampuni mengine yanatumia umri wa siku ya kuzaliwa iliyopita, yaani ule tunaoujua sote.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Butembo anauza vitenge ambavyo analeta kutoka Kampala kupitia Kasindi. Alizaliwa tarehe 10 mwezi wa tatu 1984. Anataka bima ya maisha ya dola 10 000 kwa miaka 15, ili akifariki watoto wasibaki mikono mitupu. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba bei ni dola 40 kwa mwaka kwa mtu wa miaka 41, na dola 43 kwa mtu wa miaka 42, na kwamba bei ya siku ya kwanza haibadiliki mpaka mwisho.

Akianza mkataba tarehe 5 mwezi wa tisa 2025, miezi sita haijapita tangu siku yake ya kuzaliwa. Ataandikwa 41. Akianza tarehe 25 ya mwezi uleule, miezi sita imepita, ataandikwa 42. Siku 20 za kuchelewa zinamuletea dola 3 zaidi kila mwaka, na kwa miaka 15 ni dola 45. Hata hivyo, tarehe 25 ile kadi yake ya mpiga kura bado inaonyesha kwamba hajatimiza 42. Ndiyo maana watu wanafikiri ajenti amewaibia.

Hapa nitasema jambo ambalo halitafurahisha wote: hesabu hiyo peke yake si wizi. Bei za bima ya maisha zinatoka katika jedwali la vifo, linaloonyesha kwa kila umri ni watu wangapi wanaweza kufariki ndani ya mwaka. Katika jedwali la umri ulio karibu, mstari wa 41 unakusanya watu kuanzia miaka 40 na nusu mpaka 41 na nusu. Kwa wastani wana 41 kamili. Katika jedwali la umri uliotimizwa, mstari wa 41 una watu kuanzia 41 mpaka karibu 42, na wastani wao ni 41 na nusu. Kwa hiyo bei ya mstari huo wa pili inapaswa kuwa juu kidogo. Kampuni inayohesabu vizuri inapata karibu pesa ileile kwa njia zote mbili. Kinachobadilika ni nani analipa zaidi na nani analipa kidogo.

Ubaya unaingia pale jedwali ni la aina moja na umri ni wa aina nyingine. Ukichukua bei zilizotengenezwa kwa umri uliotimizwa, ukazitumia kwa umri ulio karibu, kila aliyepita miezi sita anapandishwa mstari mmoja bure, kwa sababu ile nusu mwaka ilikwisha kuhesabiwa ndani ya bei. Analipishwa mara mbili. Utagunduaje? Uliza swali moja kabla ya kutia sahihi: « Bei hizi zilitengenezwa kwa umri gani, uliotimizwa ao ulio karibu? » Kisha linganisha jibu na umri ulioandikwa ndani ya mkataba wako. Ajenti akishindwa kujibu, aombe jibu kwa maandishi kutoka kwa wakubwa wake.

Kuna pia mipaka. Kampuni ikisema haipokei mtu mwenye kupita miaka 60, mzee mwenye miaka 60 na miezi saba atahesabiwa 61 na kurudishwa mlangoni, ijapokuwa kwa hesabu yetu angali na 60. Hapo si dola 3 tena, ni bima yote inayopotea.

Wanaoumia zaidi ni wale wasiojua siku waliyozaliwa. Sheria inaomba mtoto aandikishwe ndani ya siku 90, lakini wazee wengi wa vijiji vyetu wanajua mwaka tu, na wakimbizi wa vita waliofika Beni na Oicha wengine waliacha karatasi zote nyuma. Mtu kama huyo mara nyingi anaandikiwa tarehe 1 mwezi wa kwanza. Tarehe hiyo inamufanya mzee kuliko wote waliozaliwa mwaka ule. Kwa hesabu ya umri ulio karibu, akija kutia sahihi baada ya mwezi wa saba kuanza, anaongezewa mwaka kwa sababu ya tarehe iliyobuniwa na karani.

Dawa yake ni rahisi: amuandikie kampuni tarehe 1 mwezi wa saba, katikati ya mwaka. Ukifanya hesabu utaona kwamba kwa tarehe hiyo umri ulio karibu unakuwa sawasawa na mwaka wa mkataba kutoa mwaka wa kuzaliwa: 2025 kutoa 1984 ni 41, mwezi wowote. Kutoa mwaka kwa mwaka ni njia inayojulikana sana katika bima za Kifaransa, kwa hiyo hakuna kampuni itakayosema haiwezekani.

Na yule mama wa vitenge? Anaweza kuomba mkataba wake uanzie nyuma, tarehe 9 mwezi wa tisa. Atalipia siku 16 ambazo zimekwisha kupita, karibu dola 1 na senti 75, lakini atabaki na bei ya 41 kwa miaka yote 15. Si kila kampuni inakubali, lakini asiyeomba hapewi. Asidanganye umri: katika sheria ya bima ya Ufaransa, aliyelipa kidogo kwa kosa la umri, pesa ya familia yake inapunguzwa kwa kipimo kilekile.

Kufuatia sheria namba 15/005 ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015, Sonas haiko peke yake tena kwenye soko, na mamlaka ya usimamizi, ARCA, iko kwa ajili ya kulinda wateja. Ninaomba ilazimishe mambo mawili: kila mkataba wa maisha uandike kwa sentensi moja umri unahesabiwa namna gani, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na asiyejua siku yake ya kuzaliwa awekwe katikati ya mwaka, si mwanzoni. Makampuni hayatapoteza kitu. Mama wa sokoni ndiye atajua sababu ya dola anazotoa.