Kitendawili Kilichoteguliwa Kabla ya Wakati: Saa ya Kiswahili na Uzinduzi wa Bidhaa

Kila aliyelelewa miguuni pa bibi anaijua kanuni ya vitendawili. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Hadhira huitika, "Tega!" Fumbo hutolewa, watu hukisia, na wakishindwa mtegaji hudai mji. Akishapewa mji wake, hutoa jibu. Kanuni hii ina mpangilio wa wakati usiovunjwa: jibu haliwezi kutangulia fumbo, wala mtegaji hawezi kwenda kulala kabla ya kulitoa.

Wafanyabiashara wa leo wameirithi kanuni hiyo, ingawa wengi wao hawajui kwamba wameirithi. Anayetaka kuzindua bidhaa mpya huanza kuhesabu siku hadharani. Leo hutoa kidokezo kimoja, keshokutwa cha pili, na siku ya mwisho hulitangaza jina, bei na mahali pa kununua, katika majukwaa yote kwa wakati mmoja. Katika makala haya ninashikilia kwamba uzinduzi wa namna hii hauharibiwi sana na udhaifu wa fumbo. Huharibiwa zaidi na saa. Na kwetu sisi Waswahili, saa ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la mitambo.

Mfano mashuhuri wa mbinu hii ulionekana Ufaransa mwaka 1981. Kampuni ya kubandika mabango iitwayo Avenir ilibandika picha ya msichana ufuoni, naye akiahidi kuvua kipande cha juu cha vazi lake la kuogelea tarehe 2 Septemba. Siku hiyo ilipofika, mabango yalikuwa yamebadilishwa. Ahadi ilikuwa imetimizwa, na palikuwa na ahadi nyingine ya kipande cha chini kwa tarehe 4. Tarehe 4 ilipofika, msichana alikuwa ameugeuzia umma mgongo, na maandishi yakafichua siri yote: bidhaa iliyokuwa ikitangazwa ni kampuni yenyewe, mbandika mabango anayetimiza ahadi. Tukiweka kando suala la staha, ambalo kwetu Pwani lingetosha kuung'oa ubao mzima, tunabaki na funzo moja kubwa. Kilichouzwa pale hakikuwa vazi wala mwili. Kiliuzwa kushika tarehe. Kama mabango yangechelewa kwa siku moja tu, kampuni ingekuwa imejitangaza kuwa mwongo.

Nilikuja kulielewa funzo hilo Nyali, kwa gharama ya mama yangu mdogo. Yeye husaga na kuuza viungo nyumbani kwake. Alipoamua kuzindua masala yake ya biriani yaliyotiwa katika pakiti za gramu 100, alikopa fedha katika chama chao cha akina mama, akanunua viungo vyake Marikiti, akatayarisha pakiti 300. Kazi ya matangazo alinikabidhi mimi, kwa kuwa "ndiye mwenye kusoma." Tulikubaliana kwamba tangazo la mwisho lingetolewa Jumamosi, saa mbili usiku, watu wakiwa wamekwisha swali isha na simu zimo mikononi. Usiku huohuo mlango wake ungekuwa wazi, na sufuria ya biriani ya kuonjwa ingekuwa mezani.

Mpango wenyewe, nadhani, haukuwa mbaya. Tuliupanga kinyumenyume kuanzia siku ya uzinduzi, kama ipasavyo. Hatukutoa kidokezo chochote kabla ya pakiti zote kuwapo nyumbani na idhini ya alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya kupatikana, kwa sababu hesabu ya siku ikishaanza hadharani haisimamishwi bila aibu. Siku kumi kabla, tulitoa picha ya sufuria iliyofunikwa, yenye makaa juu ya kifuniko. Siku sita kabla, kiganja kilichoshika iliki na mdalasini. Siku tatu kabla, sauti ya kinu peke yake bila picha. Kila kidokezo kiliongeza jambo moja ambalo cha awali hakikuwa nalo, ili mwenye kukisia awe na sababu ya kurudi. Vidokezo vya Facebook na Instagram niliviratibu mapema kwa kutumia Meta Business Suite, vijitoe vyenyewe. Kituo kimoja cha redio kilipewa tangazo fupi la kusomwa siku ya Jumamosi mchana, likimalizika kwa maneno "leo saa mbili usiku."

Hapo ndipo nilipokosea. Mtambo uliniuliza saa, nami kichwani mwangu mlikuwa na saa mbili. Nikaandika 02:00.

Kwa saa ya mtambo, 02:00 ni saa nane za usiku. Tangazo la mwisho likatoka usiku wa manane wa kuamkia Jumamosi, saa kumi na nane kabla ya wakati, likiwa na jina, bei na kila kitu. Jamaa zetu walioko Toronto, ambako ilikuwa bado jioni, wakaliona na kulisambaza. Kulipopambazuka, mtaa mzima ulikuwa unalijua jibu. Mchana redio ikaendelea kuwauliza watu fumbo ambalo walikuwa wamekwisha kulitegua. Usiku walikuja watu kumi na wanne. Mama mdogo aliiepua sufuria yake, akaniambia kwa upole uliouma kuliko kukemewa: "Mwanangu, kitu kimeshasemwa usiku. Mimi mchana kutwa nilikuwa nawaficha watu nini?"

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba dalili zilikuwapo tangu kidokezo cha kwanza. Nacho nilikuwa nimekiandikia 02:00. Kilitoka usiku wa manane, kikakaa saa nyingi bila mtu kukigusa, na watu wakaanza kukijibu baada ya alfajiri. Nilidhani ni udhaifu wa mtandao. Anayeratibu uzinduzi hana budi kukichukulia kidokezo cha kwanza kuwa jaribio: akae nacho saa ileile aliyoikusudia, akione kikitoka kwa macho yake. Kisipotoka saa hiyo, au kikiwa kimetoka mapema, bado ana siku kumi za kurekebisha yanayofuata.

Tiba ya kosa lenyewe ni hesabu ndogo ambayo kila mmoja wetu anaiweza, ila hatukuzoea kuiandika. Saa za asubuhi na mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, huongezewa sita: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa tisa alasiri ni 15:00. Saa za usiku wa mwanzo, kuanzia saa moja hadi saa tano, huongezewa kumi na nane: saa mbili usiku ni 20:00. Saa sita usiku ni 00:00. Baada ya hapo, hadi saa kumi na mbili asubuhi, hupunguzwa sita: saa nane usiku ni 02:00. Katika jedwali la uratibu, saa zote mbili ziandikwe bega kwa bega, ile ya kutamkwa na ile ya kuchapwa, na mtu wa pili azilinganishe.

Tatizo la pili ni la siku, nalo limejificha zaidi. Kwa desturi ya Pwani, usiku hutangulia mchana wake. Mzee akisema "usiku wa Jumamosi" aghalabu hukusudia usiku wa kuamkia Jumamosi, ambao kwa kalenda ya mtambo ni Ijumaa baada ya magharibi. Kijana akisema "Jumamosi usiku" hukusudia usiku unaofuata. Tangazo lisilotofautisha mambo haya linaweza kuleta nusu ya wageni siku moja mapema. Dawa yake ni kutaja tarehe na kuongeza neno moja la ufafanuzi: "Jumamosi tarehe 14, baada ya isha." Kwa sababu hiyohiyo, nisingemshauri mtu auratibu uzinduzi wake kwa Idi au kwa chungu cha kwanza. Mwezi huandama au usiandame, na mtambo haungoji kuonekana kwake.

Wapo watakaoniambia kwamba tuiache saa ya Kiswahili tufuate ya mtambo, mambo yaishe. Siafikiani nao. Msomaji wa redio atasema saa mbili usiku, na mteja wa Kongowea ataisikia saa mbili usiku. Mtambo ni mmoja. Wasikilizaji ni wengi. Anayepaswa kutafsiri ni mratibu, si hadhira.

Hata hivyo, si kila jukwaa linapaswa kuachiwa mtambo. Picha ya hali katika WhatsApp hudumu saa 24 tu, basi ya mapema mno hutoweka kabla ya wakati wake. Ujumbe wa orodha ya matangazo nao huwafikia tu wale waliohifadhi namba yako. Hivi ni vyombo vya mkono, na mkono una faida moja ambayo mtambo hauna: hujua kuna nini mtaani. Tarehe 29 Septemba 2019, gari lililokuwa na mama na mwanawe lilitumbukia baharini kutoka kwenye feri ya Likoni, na kwa siku nyingi Mombasa ilikaa ikingoja miili iopolewe. Tangazo la furaha lililoratibiwa kutoka katika siku kama hizo hutoka tu, kwa sababu hakuna aliyeuambia mtambo kwamba kuna msiba. Kwa hiyo pawe na mtu mmoja, anayejulikana kwa wote, mwenye orodha ya kila kilichoratibiwa na mahali kilipo, na mwenye idhini ya kukisimamisha bila kuitisha kikao.

Miezi mitatu baadaye, mama mdogo alinipa nafasi ya pili, safari hii kwa masala ya pilau. Vidokezo vilikuwa vichache kuliko vya mara ya kwanza. Katika daftari tuliandika "saa mbili usiku, 20:00," naye akaupitia kila mstari kwa kidole chake. Kidokezo cha kwanza tulikingoja pamoja sebuleni, simu mezani, mpaka kikatoka. Usiku wa uzinduzi, tangazo lilitoka Facebook na Instagram kwa mpigo. Mimi nikaweka la WhatsApp kwa mkono wakati huohuo, yeye akafungua mlango. Sikuwahesabu waliokuja. Nilijua tu kwamba biriani ya mara ya kwanza tuliila sisi siku mbili, na pilau ya mara ya pili hatukuipata.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili huulizwa mara kwa mara elimu yetu ina kazi gani sokoni. Mimi nimeiona kazi moja: kusimama kati ya saa inayotamkwa na saa inayochapwa, ili ahadi iliyotolewa kwa lugha moja isivunjwe kwa lugha nyingine. Ahadi ni deni, na deni lililotajiwa saa hulipwa kwa saa yake.