Mchango wa hospitali uwe na daftari, usiwe na siri

Mwezi Septemba mwaka 2006 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch, pamoja na APRODH ya hapa Burundi, lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa waliozuiliwa katika hospitali zetu kwa kushindwa kulipa. Wengine walikuwa wamekwishapona, vidonda vimefunga, lakini walikaa wiki na miezi wakisubiri ndugu walete fedha. Miezi michache kabla ya hapo, Mei 2006, serikali ilikuwa imetangaza kwamba watoto wa chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua watatibiwa bure. Mtu mzima aliyevunjika mguu hakuwamo katika tangazo hilo, na mpaka leo bili yake ni ya ukoo, majirani na wenzake wa biashara.

Naandika haya kwa sababu kila wiki hapa Bujumbura, kuanzia Buyenzi hadi Kinama, namba ya simu inazungushwa: fulani amelazwa, tusaidiane. Wanaochanga hawako mahali pamoja. Kwa ninyi mliorudi kutoka Mtabila, Nduta au Nyarugusu, shemeji bado yuko Kigoma, rafiki yuko Uvira, mwana yuko Rumonge. Fedha zinatoka pande tatu na kuingia katika mfuko mmoja, na mwenye mfuko huo asipojilinda huharibu jina lake hata kama hakula faranga moja.

Mimi nimeliharibu langu mara moja. Miaka kadhaa iliyopita jirani yangu alilazwa, nikajitolea kukusanya. Nilitoa namba yangu ileile niliyokuwa nikipokelea malipo ya biashara ndogo ya dagaa. Mchango ukaingia, na malipo ya dagaa yakaingia. Mimi nikatoa ya mzigo, nikatoa ya hospitali, nikiamini kichwa changu kinakumbuka. Siku ya tano tulipokaa kuhesabu, 140,000 hazikuwa na maelezo. Sikuiba. Lakini sikuwa na la kumwonyesha mzee aliyeniuliza. Watu wakaacha kuchanga, na jirani yangu, ambaye daktari alikwishamruhusu, akalala wodini usiku 4 zaidi kwa kosa langu. Aliyelipia uzembe wangu ni mgonjwa.

Kwa hiyo safari hii, kijana wetu mmoja alipogongwa na pikipiki akavunjika paja, tulifanya vingine. Naeleza hatua kwa hatua, kwani wengi wamenitaka niseme.

Kwanza tulianza na karatasi ya hospitali, machozi tukayaweka kando. Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, mmoja wetu alikwenda kwenye dirisha la fedha akaomba makadirio ya maandishi yenye jina na namba ya mgonjwa. Aliuliza mambo matatu: amana iliyotakiwa ni kiasi gani, dawa zipi zitanunuliwa nje ya hospitali, na mgonjwa ana bima au kadi yoyote ya matibabu inayopunguza bili. Makadirio yalikuwa 1,800,000. Mtu anayeambiwa “changa chochote” hajui kama mzigo umebaki mkubwa au mdogo. Anayeambiwa “tunatafuta 1,800,000, tumepata kiasi hiki” anajua la kufanya.

Pili, akaunti moja, watu watatu. Tulichukua laini ya Lumicash isiyokuwa na biashara ndani yake, yenye salio sifuri siku ya kuanza, tukawaonyesha watu wawili sifuri hiyo. Akaunti ya simu ina namba ya siri moja tu, haina sahihi mbili kama akaunti ya pamoja ya benki au ya koopeki. Wapo wanaodhani dawa ni kugawana namba ya siri, na hapo wanakosea. Namba ya siri ikijulikana na wawili, fedha ikipotea hakuna wa kuulizwa. Sisi tuligawana kazi. Mwenye laini alikuwa mmoja, ndiye pekee mwenye namba ya siri. Mwandishi wa daftari alikuwa mwingine, hagusi fedha. Wa tatu, mama yake mdogo mgonjwa, ndiye aliyelipa dirishani na kuleta risiti. Mtu akitaka kuiba hapo ni lazima awashawishi wenzake wawili.

Muulizeni wakala mapema kikomo cha laini hiyo. Laini iliyosajiliwa nusunusu hukataa kupokea salio likifika kiwango fulani, na mchango unaorudi kwa mtumaji huleta maneno.

Tatu, hesabu ya jioni. Hili ndilo moyo wa jambo lote. Kila jioni mwandishi alisoma daftari, mwenye laini akafungua salio mbele yake, na tarakimu mbili zikalinganishwa. Kila mchango ulikuwa na namba yake ya mfuatano, tarehe, kiasi, na tarakimu 3 za mwisho za namba ya muamala. Asiyetaka jina lake litajwe aliandikwa kwa namba yake ya mfuatano tu, na akiisoma taarifa anajiona.

Taarifa ya siku ya tatu ilikuwa hivi. Kwa simu ziliingia 940,000. Zilizoletwa mkononi, 210,000. Kutoka Kigoma, shilingi 100,000 zilizobadilishwa kuwa faranga 200,000. Jumla 1,350,000. Zilizotoka: dirisha la hospitali 800,000, dawa za nje 65,000, makato ya kutoa fedha 15,000. Jumla 880,000. Salio lilipaswa kuwa 470,000. Simu ikasema 450,000.

Pungufu ya 20,000! Wote tulinyamaza. Mwandishi akarudi mstari kwa mstari, akakuta kwamba mzee mmoja wa msikitini alileta 20,000 mkononi asubuhi, ikaandikwa, lakini noti zilikuwa bado katika koti la mwenye laini. Alizitoa, zikawekwa kwa wakala usiku uleule, salio likasoma 470,000. Tangu hapo tukaweka sheria: fedha ya mkononi huingia katika laini siku hiyohiyo, yote, hata kama dakika tano baadaye itatolewa kwenda hospitali. Fedha inayolipwa moja kwa moja kutoka mfukoni haiachi nyayo. Kosa lililogunduliwa baada ya saa kumi lilikuwa koti. Lingegunduliwa baada ya wiki mbili lingekuwa wizi.

Nne, fedha ya kuvuka mpaka. Wafanyabiashara wa Kobero, Mugina na Gatumba mnalijua hili kuliko mimi. Ndugu wa Kigoma alipotuma shilingi 100,000 alikuwa amesikia kwamba shilingi moja inapata faranga mbili na nusu, naye akahesabu kichwani 250,000. Alipoona 200,000 katika taarifa alipiga simu akiwa amekasirika. Tofauti ya 50,000 kati ya ndugu ni jambo kubwa. Tulimtumia picha ya daftari: shilingi 100,000, tarehe, saa, aliyebadilisha, na kiwango cha faranga 2 kwa shilingi. Mashahidi wawili walikuwapo. Akaridhika.

Kwa hiyo mchango wa nje uandikwe kwa fedha aliyotuma mtu, kisha kando yake faranga zilizopatikana na kiwango cha saa ile. Usimwambie mtumaji kiasi cha faranga kabla ya kubadilisha. Na kama wachangaji wa ng’ambo ni wengi, awepo mtu mmoja upande wa pili wa kupokea kwa niaba yao, mwenye daftari lake, kisha atume kwa mkupuo. Yale aliyopokea yeye na yale tuliyopokea sisi yalingane.

Tano, walaghai. Namba ikishazunguka, wao pia wanaiona. Hila ya kwanza ni ujumbe unaofanana na wa kampuni ya simu, ukisema umepokea 80,000, na baada ya dakika chache mtu anapiga akilia kwamba alikosea namba, arudishiwe. Dawa yake ni kutazama salio na kuuacha ujumbe. Kama salio halikuongezeka, hakuna fedha iliyoingia. Na kama imeingia kweli, mtu huyo aende kwa kampuni ya simu ifuatiliwe huko. Hila ya pili ni kulichukua tangazo letu, kubadili tarakimu moja ya namba, na kulisambaza upya katika makundi ya Watsapu. Ndiyo maana tangazo letu lilitaja jina lililosajiliwa kwenye laini. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha likiwa jingine, usitume. Picha ya mgonjwa uchi wa kidonda hatukuiweka. Haithibitishi chochote, walaghai nao huiba picha, na heshima ya mtu hairudishwi na risiti.

Malipo yenyewe yafanyike dirishani, kwa namba ya mgonjwa, risiti ipigwe picha siku hiyohiyo. Mfanyakazi yeyote anayetaka apewe mkononi wodini “ili mambo yaende haraka” asipewe. Nchini Kenya, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2007, hospitali nyingi zina namba yao ya malipo, na ndugu hulipa humo moja kwa moja kwa kutaja namba ya mgonjwa. Ulizeni hospitalini kwenu kama wana akaunti ya benki inayokubali hivyo. Wakikubali, mnapunguza mkono mmoja katikati.

Mwisho wa hesabu yetu ulikuwa huu. Ziliingia 1,935,000. Hospitali ilipata 1,800,000, dawa 65,000, makato yote 32,000. Zikabaki 38,000. Hapo ndipo vikundi vingi huvunjika, maana ziada haina mwenyewe. Sisi tulikuwa tumekwishatangaza siku ya kwanza kwamba ziada itakuwa ya magongo na nauli ya kurudi kwa daktari, na kwamba kama Mungu angemchukua, ingekuwa ya mazishi. Tulitangaza pia kufunga. Siku bili ilipolipwa, ujumbe ulitoka: msitume tena. Walikuwapo watatu waliotuma baada ya hapo, wakarudishiwa.

Najua watasema kuandikiana ni kutoaminiana, na kwamba wazee wetu walichanga bila karatasi. Ni kweli, lakini wao walichangia kwenye mkeka mmoja, kila mtu akiona noti ya mwenzake ikishuka. Sisi mkeka wetu umetandazwa kutoka Kigoma hadi Uvira, na asiyeuona anayo haki ya kusomewa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kijana wetu sasa anatembea kwa gongo moja. Daftari lile ninalo nyumbani, kurasa sita. Aliyechanga na anayetaka kuliona, aje.