Utani una pande mbili: tusome makundi ya WhatsApp ya watoto wetu bila pupa

Jumapili moja jioni hapa Yangambi, jirani yangu alikuja kwangu na simu mkononi, sauti ikimtetemeka. Ni mama anayeuza samaki wa moshi sokoni. "Ndugu, wewe ni mtu wa habari," akaniambia. "Soma hii, halafu uniambie kwa nini nisiende kesho kumsubiri huyu kijana mbele ya shule."

Kijana huyo alikuwa amemwita binti yake "Ngolo". Kila mtu wa mto anaijua ngolo, yule kambare mwenye ndevu. Binti ana miaka 15, yuko sekondari, na kila siku anatoka katika nyumba inayonukia samaki. Mama alilisoma jina hilo mara moja tu, na hukumu ikawa tayari.

Ninaieleza habari hii kwa idhini yao, nikiwa nimebadilisha mambo machache wasitambulike. Ninaieleza kwa sababu yule mama alikuwa sahihi na alikosea kwa wakati mmoja. Binti yake alikuwa anaonewa kweli, lakini aliyekuwa akimwonea si yule kijana.

Kwanza tukubaliane juu ya neno lenyewe. Mtafiti Dan Olweus, aliyefanya kazi kwa miaka mingi nchini Norway kuhusu uonevu shuleni, alitupa vipimo vitatu ambavyo bado vinatumika. Tendo liwe la kukusudia kuumiza, lirudiwe, na anayetendewa awe katika hali ya unyonge, asiweze kujitetea kwa urahisi. Sisi wasemaji wa Kiswahili tulikuwa tayari na sehemu ya jibu, maana tunajua utani. Mtani anakupiga neno, nawe unamrudishia. Utani una pande mbili. Uonevu una upande mmoja tu.

Kwa hiyo nilimwomba mama aketi, tuchukue karatasi. Tulirudi nyuma wiki tatu katika kundi hilo la darasa, na kwa kila jambo lililomgusa binti tukaandika tarehe, nani alianza, na nini kilifuata.

Jambo la kwanza lililotulia ni idadi ya jumbe. Mama alishtuka kwa sababu alipofungua mtandao, jumbe zaidi ya mia moja ziliingia kwa mkupuo, akaona kama watoto wote wamemvamia binti yake. Lakini simu hii ni ya nyumba nzima. Mchana inakaa sokoni na mama, jioni inapelekwa kuchajiwa, na mega zikiisha hakuna kinachoingia hadi zinunuliwe nyingine. Tulipotazama saa iliyoandikwa pembeni ya kila ujumbe, tuliona kwamba zilikuwa jumbe za siku mbili, na nyingi zilihusu zoezi la hesabu. Kimya cha binti Jumamosi nzima hakikuwa woga pia. Simu ilikuwa imezimika. Katika mji kama wetu, mzazi asiyetazama saa na tarehe atasoma ubovu wa mtandao kama ukatili wa watoto.

Jambo la pili lilikuwa hilo jina, Ngolo. Katika wiki tatu lilitajwa mara 14, na watu watano tofauti. Lakini binti mwenyewe alikuwa amejibu kwa majina ya aina hiyo hiyo mara 11. Yule kijana alimwita "Makayabu", samaki wa chumvi, na kijana akacheka akalipokea. Siku mbili baadaye kijana huyo huyo alimtumia sauti ya dakika nne akimweleza somo la kemia. Hapo mama alinyamaza. Huo ulikuwa utani, na alikuwa karibu kwenda kumwaibisha rafiki wa binti yake mbele ya shule nzima.

Maneno peke yake hudanganya, hasa kwetu ambapo sentensi moja ya kijana ina Kiswahili, Kilingala na Kifaransa pamoja. Chukua neno "ndoki", mchawi. Vijana wanaweza kumwita hivyo kwa sifa mwenzao aliyepata alama zote za mtihani. Lakini katika nchi hii watoto wamefukuzwa nyumbani kwa tuhuma za uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumtuhumu mtoto hivyo. Neno ni lilelile. Tofauti utaiona katika kilichotangulia na katika jibu la aliyeitwa.

Sasa lile la tatu, ambalo mama alikuwa amelipita bila kuliona. Halikuwa na tusi hata moja. Ilikuwa stika, picha ya binti akiwa amelala juu ya dawati, mdomo wazi. Ilitumwa mara tisa katika siku sita tofauti, na wasichana watatu walewale. Kila mara ilikuja dakika chache baada ya binti kuandika kitu, hata kama ameuliza tu ukurasa wa kitabu. Wengine waliweka emoji za kucheka. Hakuna mwanafunzi mwingine katika kundi aliyejibiwa kwa stika yake mwenyewe. Mara mbili za kwanza binti naye aliweka emoji ya kucheka. Baadaye hakuweka chochote.

Kicheko hicho cha mwanzo humdanganya mzazi. Tunasema, mbona naye amecheka? Mtoto anayechekwa mara nyingi hucheka pamoja na wengine ili jambo lipite. Kwa hiyo usiangalie kicheko cha kwanza tu, angalia anachofanya baadaye. Katika wiki ya kwanza binti aliandika jumbe 31 katika kundi, ya pili 17, ya tatu nne.

Hata hapo sikutaka turuke. Je, kama ni simu tu iliyokosa mega? Tulifungua kundi la kwaya yao, lililo kwenye simu hiyo hiyo. Huko alikuwa akiandika kama kawaida wiki zote tatu. Kwa hiyo simu haikuwa na kosa. Mtoto alikuwa amejiondoa katika sehemu moja tu.

Kulikuwa na alama moja zaidi. Msimamizi wa kundi, mmoja wa wale wasichana watatu, alikuwa amemtoa binti kundini mara mbili na kumrudisha kesho yake. WhatsApp huandika tendo hilo katikati ya mazungumzo, kwa herufi ndogo ambazo jicho huziruka. Hapa ndipo tulipoona usawa haupo, kwani mmoja ana ufunguo wa mlango na mwingine hana. Tena, yaliyosemwa wakati mtoto yuko nje kwa kawaida hayafiki kwenye simu yake. Mzazi akumbuke kwamba anachokiona ni sehemu tu ya mazungumzo, si yote.

Karatasi yetu ilionyesha mahali pa kuuliza, lakini haikuwa hukumu bado. Mama alitaka kumwuliza binti, "Nani anakuonea?" Nilimshauri asiulize hivyo, kwa kuwa swali hilo linamtaka mtoto amtaje mtu kwanza, na watoto wengi hufunga mdomo hapo. Alimwambia wazi kwamba wamelisoma kundi na sababu yake, kisha akauliza juu ya kitu: "Mwanangu, hii picha ilipigwa lini?" Binti alilia kabla ya kujibu. Alikuwa amesinzia darasani siku moja baada ya kukesha akimsaidia mama kupanga samaki. Alisema, "Mama, sikutaka ujue, ungesema ni kosa lako."

Usiku huo tulifanya mambo mawili, na tuliacha moja kwa makusudi. Tulipiga picha za skrini zenye jina, tarehe na saa, pamoja na ujumbe wa binti uliotangulia kila stika, maana stika peke yake haithibitishi chochote. Hilo lilifanywa usiku uleule kwa sababu mtumaji anaweza kufuta ujumbe wake kwa wote katika muda wa siku mbili hivi, na msimamizi wa kundi naye anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama mwingine. Pili, tulinakili ile hesabu kwa usafi katika ukurasa mmoja. Tulichoacha ni kuandika ndani ya kundi. Simu ni ya mama, lakini kundini namba hiyo ni ya binti. Neno lolote la hasira lingesomwa kama lake, na kesho yake angelilipa yeye.

Jumatatu mama alikwenda kwa mwalimu mkuu wa darasa akiwa na ukurasa mmoja na picha nne. Hakusema "mwanangu anateswa". Alisema stika hii imetumwa mara tisa, na watu hawa, baada ya jumbe hizi, na mtoto ametolewa kundini mara mbili. Mwalimu aliwaita wale wasichana mmoja mmoja. Hakuwakutanisha wote pamoja na binti, na alifanya vizuri, maana kikao cha watatu kwa mmoja ni uonevu uleule ukiwa na kiti cha mwalimu. Stika zilikoma. Usimamizi wa kundi ukagawanywa kwa wanafunzi wawili. Mmoja wa wale wasichana bado hamsalimii binti, na sitadai kwamba kila kitu kimepona.

Najua kuna yasiyongoja karatasi wala wiki tatu. Tishio la kupiga, picha ya utupu, mtu mzima asiyejulikana ndani ya kundi la watoto, au neno lolote la kumhimiza mtoto ajidhuru, au mtoto mwenyewe kusema amechoka kuishi: hapo unachukua hatua siku hiyo hiyo. Nchi yetu ina Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inayoadhibu unyanyasaji kwa njia ya mawasiliano ya elektroniki, na mzazi ana haki ya kufika polisi au kwa hakimu.

Lakini mengi yaliyomo katika makundi haya hayafiki huko. Ni mambo madogo yanayorudiwa, na yanahitaji jicho tulivu. Wapo wazazi wanaosema "watoto wanacheza tu", na wapo wanaopokonya simu kwa neno moja. Wa kwanza wangeipita ile stika. Wa pili wangemwadhibu binti kwa kumfungia mlango, na kumpoteza rafiki aliyekuwa akimfundisha kemia.

Jirani yangu ameitunza ile karatasi ndani ya daftari lake la mauzo. Wiki iliyopita alinionyesha kitu kingine: binti alikuwa ameuliza swali la hesabu kundini, na jibu la kwanza kuingia lilikuwa, "Ngolo, ukurasa wa 64." Safari hii mama alicheka.