Kubofya Ramani Si Kuingia Dukani

Mwenye duka la vipuri vya bodaboda pale Mugumu ana jibu moja ukimuuliza kama tangazo lake la Google linalipa. Atakufungulia simu: maombi ya njia 140, simu 60, mwezi mmoja. Kijana anayemsimamizia tangazo amemwambia hao ndio wateja, naye ameridhika, maana namba haidanganyi. Mimi nasema anadanganyika vizuri tu. Google haikuhesabu wateja, ilihesabu vidole.

Tuanze na hizo simu. Mtu akibofya kitufe cha kupiga, simu yake inafungua sehemu ya kupigia namba ikiwa imeshaandikwa. Ripoti inahesabu hapo hapo. Baada ya hapo huenda hana salio, huenda akaghairi, au akabip mara moja akakata. Google inaweza kujua simu ilidumu muda gani pale tu inapoipitisha kwenye namba yake yenyewe, na hapo kwa kawaida huhesabu iliyofika sekunde 60. Ukiweka laini yako ya kila siku inaona mbofyo tu. Na mama aliyesoma namba kwenye simu ya mwanawe, akapiga kwa kitochi chake, hayumo popote kwenye ripoti ingawa ndiye aliyenunua.

Maombi ya njia yana kasoro kubwa zaidi, na kwa wilaya ya Serengeti kasoro hiyo ni karibu kichekesho. Unapochagua eneo la tangazo, mpangilio unaokuja wenyewe ni `Presence or interest`: tangazo linaonyeshwa kwa walioko eneo hilo na pia kwa wanaoonyesha kulipenda. Sasa nani duniani anayelipenda Serengeti? Mtu yuko Berlin au Nairobi anapanga kwenda kuona nyumbu, anatafuta barabara ya kupita Mugumu hadi lango la Ikoma, na katikati ya shughuli hiyo anabofya duka lako la cheni na tairi za pikipiki ili apime umbali. Umelipia mbofyo wake. Hatakanyaga dukani kwako. Badilisha mpangilio uwe `Presence` peke yake, kisha fungua ripoti ya maeneo uone wabofyaji walikuwa wapi hasa. Kijana wa matangazo anaweza asiufurahie mwezi unaofuata, kwa sababu zile 140 huenda zikashuka.

Tarime shida ni nyingine. Chora duara la kilomita 20 kutoka Sirari na nusu yake imeingia Kenya, Isebania na kuendelea. Huenda ni jambo jema, watu wanavuka kununua kila siku. Lakini kama bidhaa yako haivuki mpaka kwa faida, unalipia upande usiokuhusu.

Akija mtu kukuahidi kipimo cha watu waliofika dukani kabisa, mwombe akuonyeshe safu hiyo kwenye akaunti yako. Kipimo hicho ni makadirio: Google hutazama watu walioingia kwenye akaunti zao na kuruhusu kumbukumbu za mahali walipopita, kisha hukisia waliobaki. Kinahitaji mibofyo mingi sana, kiasi ambacho duka moja la mtaani halifikishi. Tena maduka yetu yamebanana ukuta kwa ukuta, na simu hukosea mahali ilipo kwa mita kadhaa. Aliyeingia kwa jirani kunywa chai naye angeweza kuhesabiwa kwako.

Pima mwenyewe. Nunua laini ya pili, namba yake iwe kwenye tangazo tu, isiandikwe ukutani wala kwenye risiti. Anayeingia dukani muulize alikujuaje, andika kwenye daftari. Tuseme mwezi huo umelipa shilingi 60,000. Kwa ripoti, matendo 200, kila moja shilingi 300, bei ya bure. Sasa fungua laini: simu zilizoita ni 31, waliouliza bei ya kitu ni 18, waliokuja wakanunua ni 5. Daftari linaonyesha wengine 3 walioletwa na ramani. Wanunuzi 8, kila mmoja amekugharimu shilingi 7,500. Kama faida yako kwa mauzo ya kawaida ni 7,000, umepoteza 500 kwa kila kichwa. Ila kama mmoja kati ya hao 8 ni fundi atakayerudi kila wiki kuchukua tyubu, hesabu inageuka, na hilo daftari litalionyesha, skrini haitalionyesha kamwe.

Bado kuna swali la nani angekuja hata bila tangazo. Lizime wiki mbili, liwashe wiki mbili, rudia mara kadhaa. Usilinganishe wiki ya mshahara na wiki ya tarehe 15, wala wiki ya mnada na isiyo na mnada, la sivyo utaisifu Google kwa kazi iliyofanywa na wauza ng'ombe.