Kamusi Imesema "Service". Kwa Hivyo?

Kuna komenti moja imenichosha. Kila habari ya Wakenya walioishia kwenye vita vya Urusi ikipita hapa, lazima mtu aandike: "Si wangeangalia tu kamusi? Ujinga ni wao." Anapata laiki mia mbili, anaenda kulala.

Sasa niskize. Sisi wa Kitengela hii maneno si ya mbali. Septemba 2025 polisi waliwatoa watu zaidi ya 20 kwenye nyumba za kukodisha pale Athi River, hapo tu ukivuka, wakisubiri kusafirishwa kwenda Urusi. Wengi wa wanaoenda huwa wameahidiwa kazi za kawaida: ulinzi, udereva, usafi. Na mimi nakwambia hivi: baadhi yao kamusi waliiangalia. Ndiyo iliwatuliza. Kwa sababu hakuna mtu alitufunza shuleni kwamba kamusi ya lugha mbili haikupi jibu. Inakupa orodha ya washukiwa, na wewe ndiye upeleleze.

Jamaa mmoja wa hapa kwetu, nyuma ya stage ya Namanga, ajenti alimtumia picha ya kipande cha mkataba. Haikuwa karatasi nzima, ilikuwa kipande kilichokatwa. Kilikuwa na mistari miwili ya Kirusi:

```
Срок службы: 1 год.
Звание: рядовой.
```

Chini yake ajenti akaandika kwa Kiswahili: "Kipindi cha huduma mwaka mmoja, kiwango cha kawaida. Angalia kamusi mwenyewe ukipenda." Huyo ajenti ni mjanja, maanake alijua kamusi itamuunga mkono. Kamusi nyingi za Kirusi tunazopata kwa simu ni za Kirusi na Kiingereza, kwa hivyo mtu wa Kitengela anavuka mito miwili: Kirusi hadi Kiingereza, halafu Kiingereza hadi Kiswahili. Kila mto una mamba wake.

Tuanze na "службы". Ukiitafuta hivyo hivyo kwenye kamusi ya karatasi hutaipata, kwa sababu Kirusi hubadilisha mkia wa neno kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Neno lenyewe ni "служба", linasomwa sluzhba. Kando yake, neno la kwanza la Kiingereza ni "service". Hapo ndipo watu wengi hufunga kamusi. Service ni huduma, Huduma Centre, basi, tumemaliza. Lakini wewe ni Mkenya! Polisi wetu wanaitwa Kenya Police Service. Tangu lini service ikawa neno lisilobeba bunduki?

Endelea kusoma hadi mwisho wa ingizo. Kamusi nzuri hutumia alama, na alama hizo zina maana. Koma hutenganisha maneno yanayokaribiana. Nukta mkato huonyesha maana imesogea kidogo. Namba 1, 2, 3 husema hizi ni maana tofauti kabisa. Halafu kuna vifupisho vidogo vya mlalo ambavyo kila mtu huviruka: "воен." ni kifupi cha mambo ya kijeshi, "церк." ni ya kanisa, "разг." ni ya mazungumzo, "устар." ni ya zamani. Kwenye "служба" utakuta kazi ya kuajiriwa, utakuta ibada ya kanisani, na utakuta utumishi wa jeshini. Zote ziko hapo. Ajenti alichagua moja, nawe ukamwachia achague.

Mstari wa pili ni mbaya zaidi. "Рядовой", ryadovoy. Ingizo lake hugawanyika mara mbili. Likiwa kivumishi ni "a kawaida", kama mfanyakazi wa kawaida au tukio la kawaida. Likiwa nomino, lina kile kifupisho "воен.", na Kiingereza chake ni "private". Sasa fikiria mtu wa form four anasoma "private" kwa skrini. Anaelewa nini? Kampuni binafsi! Private security! Kumbe "private" hapo ni cheo cha askari wa chini kabisa jeshini. Kamusi haijasema uongo hata neno moja, na bado jamaa amepotea kabisa.

Utajuaje ni kivumishi au nomino? Angalia linasimama wapi. Kivumishi cha Kirusi kwa kawaida hutangulia nomino kinayoisifu. Hapa "рядовой" limesimama peke yake baada ya "звание", na "звание" ni cheo au hadhi. Cheo: kawaida? Haileti maana. Cheo: askari wa chini. Hiyo inaleta.

Kamusi ikifika hapo inaishiwa, kwa sababu haiwezi kukuambia ni maana gani watu hutumia maneno hayo yakiwa pamoja. Ndipo unahitaji korpasi sambamba. Usiogope jina. Ni hifadhi kubwa ya maandishi yaliyotafsiriwa, sentensi ya Kirusi imewekwa kando ya sentensi ya lugha nyingine, nawe unaandika neno uone watafsiri walilifanyia nini. Warusi wanayo yao ya taifa, ruscorpora.ru, mtandaoni tangu 2004, na ndani yake kuna sehemu ya sambamba, Kiingereza kikiwemo. Kwa bando ndogo watu wengi hutumia Reverso Context. Sawa tu, lakini ile hulinganisha sentensi kwa mashine, kwa hivyo mara nyingine upande mmoja unaongelea mbuzi na mwingine baiskeli. Soma mistari kumi kabla ya kuamini mmoja.

Na hapa nawageukia hata wale wanaojiona wajanja wa korpasi. Andika "срок службы" peke yake uone. Utajaziwa betri, pampu na friji. Kweli! Kwa Kirusi maneno hayo mawili pia ndiyo husema kifaa kitadumu muda gani. Ukitafuta "служба" kwenye riwaya za karne ya 19, utapata makarani wa serikali wakienda ofisini na mafaili, kwa sababu enzi hizo ndivyo kazi ya karani ilivyoitwa. Mtu akikuletea mfano kutoka kwa riwaya ya zamani kuthibitisha kwamba ni kazi ya ofisi, muulize mwaka. Korpasi huandika mwaka na jina la maandishi kando ya mfano, na hilo ndilo jambo la kwanza kuangalia, kabla ya tafsiri yenyewe.

Dawa ni kutafuta maneno yakiwa na jirani zake. Usitafute "служба", tafuta "служба по контракту". Hapo friji zinapotea, makarani wanapotea, na unabaki na wanajeshi: watu wanaotumikia jeshi kwa mkataba, tofauti na wale wanaolazimishwa na sheria. Ongeza "рядовой" karibu na "звание" na hadithi inakuwa ile ile. Ushahidi mmoja unaweza kuwa bahati. Maneno matatu yakielekea kambini, wewe unaelekea kambini.

Kuna hatua moja zaidi ambayo naipenda kuliko zote, na inachukua dakika tano. Geuza kamusi. Badala ya kutafsiri walichokuandikia, chukua walichokuahidi, kitafsiri kwa Kirusi, halafu ukitafute kwenye karatasi. Umeahidiwa ulinzi wa geti? Hapo chunga Kiswahili chako mwenyewe, maanake kwetu "askari" ni yule mzee wa geti na pia ni mwanajeshi. Ukianza na askari unaweza kuletewa "солдат", na huyo ni mwanajeshi kabisa. Anza na mlinzi. Mlinzi wa geti ni "охранник", okhrannik. Sasa tafuta herufi "охран" kwenye mkataba wote. Hakuna? Basi kazi uliyoahidiwa haimo.

Fanya hivyo pia na neno mkataba. Kamusi itakupa mawili, "договор" na "контракт", kana kwamba ni mapacha. Si mapacha. Kwa sheria ya kazi ya Urusi, mkataba wa mwajiriwa wa kawaida huitwa "трудовой договор", mwajiri ndani yake ni "работодатель" na mfanyakazi ni "работник". Wa jeshi huitwa "контракт", na kichwa chake kamili ni "Контракт о прохождении военной службы". "Контракт" peke yake halina hatia, hata wachezaji wa mpira wa Urusi husaini "контракт". Lakini kama karatasi nzima haina "работник" wala "работодатель", na upande wa pili ni "Министерство обороны", yaani Wizara ya Ulinzi, hiyo si kazi ya usafi. Na usidanganyike na hilo neno Ulinzi kwa Kiswahili pia!

Hizi hatua zina kikomo. Ukipata "водитель", dereva, hujapona, kwa sababu jeshi nalo lina madereva. Neno moja zuri halifuti kichwa kibaya. Na kama umetumiwa kipande tu cha picha, hakuna kamusi duniani itakayosoma sehemu iliyokatwa.

Halafu kuna wale wa kuniambia tutumie Biblia, kwa sababu ndiyo maandishi ya Kiswahili na Kirusi yaliyo rahisi kupata pande zote mbili. Nimejaribu. Luka 3:14 ina askari, na Biblia ya Kirusi ya 1876 inawaita "воины". Mkataba wa leo huandika "военнослужащий". Ukimtafuta "воин" kwenye karatasi ya ajenti hutamwona, na utafikiri uko salama.

Yule jamaa wa stage? Alimwomba ajenti ukurasa wa kwanza, ule wenye kichwa. Aliambiwa utaletwa uwanja wa ndege. Akauliza tena kama ni "трудовой договор". Tiki mbili za bluu, kisha akablokiwa. Kwa hivyo wewe wa komenti, kabla ya kuandika tena kwamba wangeangalia kamusi, fungua ya kwako, nenda kwa "рядовой", na uniambie ulisimama kwa neno la ngapi.