Wasee wa Naks, shida si bando, ni geti

Nitasema tu wazi: kama gemu inakaa dakika kumi ikitafuta wachezaji usiku huku YouTube inacheza bila kukwama, wacha kuongeza spidi. Unalipia barabara pana na geti lako limefungwa.

Pima kwanza. Kwa Xbox ingia Settings, kisha General, Network settings, na ubonyeze Test NAT type. Kwa PS5 ingia Settings, Network, Connection Status, halafu Test Internet Connection. Ukiona Strict ama NAT Type 3, mchawi ndiye huyo.

Ruta yako hufanya kazi kama askari wa geti. Wewe ukitoka kwenda kumuita mtu, anakumbuka na kumruhusu huyo mtu aingie. Mgeni akija tu kubisha bila kuitwa, anarudishwa. YouTube haina noma kwa sababu wewe ndiwe huwa umeiita. Lakini gemu kama GTA Online huunganisha konsoli za wachezaji moja kwa moja, kwa hivyo mwenzako lazima abishe kwako. Ndio maana Open hucheza na kila mtu, Moderate hucheza na Open na Moderate, na Strict anaweza kuunganishwa na Open peke yake. Sasa fikiria saa sita usiku, wachezaji walio karibu na Kenya tayari ni wachache, na wewe umejikatia wengi wao.

Kwa ploti zetu, chanzo ni kimoja mara nyingi. Jamaa yangu anakaa Section 58, kwa gorofa yenye waifai ya jengo zima. Alinunua ruta yake, akaichomeka kwa waya inayoingia kejani. Xbox ikamwambia Double NAT detected. Tulifungua ukurasa wa ruta yake, tukatafuta WAN IP, tukapata 192.168.1.37. Namba inayoanza na 192.168 ni ya ndani, haiko kwa intaneti. Maana yake ni kwamba alikuwa na mageti mawili, na askari wa kwanza hajui kuna wa pili.

Kama ruta zote mbili ni zako, rahisi: geuza ya pili iwe Access Point, ibaki ikisambaza waifai tu, kisha washa UPnP kwa ile ya kwanza. UPnP huiacha konsoli ijifungulie mlango inaouhitaji.

Lakini kwa ploti usifanye hivyo. Ukigeuza ruta yako kuwa Access Point, simu na laptopu yako zinaingia mtandao mmoja na majirani wote. Na UPnP ikiwashwa kwa ruta ya jengo, kifaa cha mpangaji yeyote kinaweza kufungua mlango. Sisi tulimuomba fundi wa waifai vitu viwili tu: ile 192.168.1.37 iwe ya ruta ya jamaa daima, na chochote kinachoingia kwa mlango huu kitumwe hapo:

```
UDP 3074
```

Huo ndio mlango wa Xbox. Kwa ruta ya jamaa tukawasha UPnP, tukabadilisha ile pasiwadi iliyokuja nayo dukani, tukazima Xbox kabisa na kuiwasha tena. Ikasoma Open.

Sasa kuna ushauri unazunguka kwa magemu hapa tauni: "Weka DMZ, mambo kwisha." Kwa kweli itafanya kazi, na ndiyo sababu unaenea. Lakini DMZ ni kumfukuza askari kabisa, kila mgeni apelekwe kwa kifaa kimoja. Siku ruta ikigawa anwani upya na laptopu ya budako ipewe ile namba, yeye ndiye amebaki nje uchi. Wewe ulihitaji mlango mmoja tu, mbona ung'oe ukuta?

Na kuna mahali hutaweza kujisaidia. WAN IP ikianza na 100.64 hadi 100.127, geti la pili liko kwa kampuni ya intaneti, sio kwako. Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023, huwaweka wateja wa kawaida hivyo, na laini nyingi za simu ziko hivyo pia. Hapo usipoteze wikendi ukicheza na ruta. Piga simu uulize kama wanaweza kukupa IP ya umma, na kama italipiwa. Wakikataa, tafuta Moderate, inatosha kwa mechi nyingi.

Kwa hivyo kabla hujamwambia mathe bando ni ndogo, angalia WAN IP yako inaanza na nini. Niandikie hapo chini, lakini namba mbili za mwanzo tu. Usibandike anwani nzima kwa komenti.