Ukiuza fungu lako dukani, usiandike bei moja tu

Huku bara ya Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, biashara nyingi za ubia huvunjika kwa njia moja. Ndugu wawili au marafiki wanakaa barazani, wanakubaliana "nipe milioni 8 niondoke", wakili anaandika mkataba wa karatasi mbili, na kila mtu anakwenda zake. Swali la ushuru huja baadaye, na hapo ndipo nimeona undugu ukiharibika.

Kosa liko kwenye hiyo bei moja. Anayeuza fungu lake haiuzi kitu kimoja. Anauza nusu ya ploti na jengo, nusu ya bidhaa zilizo kwenye rafu, na nusu ya sifa ya duka ambayo wahasibu huiita gudwili. Anaacha pia nusu ya madeni. Katika sheria ya Kenya ubia wenyewe haulipi ushuru wa mapato. Hulipa washirika, kila mmoja kwa fungu lake. Kwa hivyo hesabu ni yako wewe unayetoka.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi Kisauni, washirika wawili nusu kwa nusu. Ploti waliinunua kwa milioni 4, wakajenga kwa milioni 2. Leo ploti na jengo vinathaminiwa milioni 12, bidhaa milioni 3, sifa ya duka milioni 2, na wanadaiwa milioni 1 na wauzaji wa jumla. Ukitoa deni inabaki milioni 16, na nusu yake ni ile milioni 8.

Anza na ploti na jengo. Nusu ya anayetoka ni milioni 6. Gharama yake ilikuwa milioni 3. Amelipa wakili na mthamini shilingi 100,000 kwa ajili ya uuzaji, nazo pia zinaondolewa. Faida ni milioni 2.9, na ushuru wa faida ya mtaji wa asilimia 15 ni shilingi 435,000. Hadi mwisho wa 2022 kiwango kilikuwa asilimia 5, na angelipa 145,000 tu. Wengi bado wana hiyo asilimia 5 kichwani.

Sasa tuseme risiti za simiti, mabati na mafundi zimepotea, na zile milioni 2 za ujenzi hazithibitiki. Gharama yake inashuka hadi milioni 2, faida inapanda hadi milioni 3.9, na ushuru unakuwa 585,000. Karatasi zilizopotea zimemgharimu shilingi 150,000.

Bidhaa ni hesabu nyingine. Zikihesabiwa kwa bei ileile zilizonunuliwa, hakuna faida. Zikiuzwa kwa zaidi, hiyo ni faida ya biashara ya kawaida, haingii kwenye asilimia 15.

Ugomvi hasa uko kwenye sifa ya duka. Nusu yake ni milioni 1, na washirika hawakuinunua popote. Waliijenga wenyewe kwa miaka. Kwa hivyo gharama yake ni sifuri, na ikitozwa, milioni yote ni faida: shilingi 150,000 nyingine. Usipoiandika kando, afisa wa KRA anaweza kuuliza kwa nini ploti na bidhaa hazifiki ile bei uliyopokea. Mwulize mshauri wa ushuru kuhusu kipengele hiki kabla ya kutia sahihi.

Kuna mawili zaidi ya kuangalia. La kwanza, bei ya undugu. Ukimwuzia kakako kwa nusu ya thamani, sheria inaruhusu ushuru uhesabiwe kwa bei ya soko. La pili, deni. Mshirika anayebaki akilibeba fungu lako la laki 5, hilo ni sehemu ya malipo yako hata kama hukulishika mkononi. Na mwuzaji wa jumla asipokubali kwa maandishi kwamba umetoka, bado anaweza kukudai.

Wenye ploti ndogo wana nafuu: ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa thamani isiyozidi milioni 3 imesamehewa ushuru huu. Lakini msamaha huo ni wa ardhi.

Kwa hivyo mkataba uwe na mistari minne yenye bei yake kila mmoja: ardhi na jengo, bidhaa, sifa, madeni. Ripoti ya mthamini iambatishwe. Pia muandike ni nani atalipa ushuru, kwa sababu mkinyamaza ni mzigo wa anayeuza. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamrisha kuandikiana madeni. Sisi twaisoma kila Ramadhani, kisha twavunja ubia kwa kupeana mikono.